Ukope wa chini unacheza kwa wiki ya tatu sasa: ni uchovu na kahawa, au kuna jambo jingine?

Karani_wa_Usiku

Salamu kwenu nyote, wanajamvi. Ukope wa chini wa jicho langu la kushoto umekuwa ukicheza kwa wiki ya tatu sasa. Hauumi, hauwashi, na jicho halijawa jekundu. Ni mtetemo mdogo unaoanza ghafla, ukaendelea kwa sekunde chache au dakika kadhaa, ukaacha, kisha ukarudi wakati siutarajii, na mara nyingi ni jioni nikiwa bado nipo mbele ya kompyuta. Nikijitazama kwenye kioo kwa karibu naona ngozi ya chini ya jicho ikitambaa kana kwamba kuna mdudu anapita ndani yake, lakini wenzangu walioketi mbele yangu wanasema hawaoni chochote.

Kazi yangu ni uhasibu, na tuko katika kipindi cha kufunga hesabu za mwaka. Usingizi ni wa saa tano hivi kwa usiku mmoja, wakati mwingine pungufu. Kahawa nakunywa: kikombe cha asubuhi, kingine kabla ya adhuhuri, kingine baada ya chakula cha mchana, na cha mwisho alasiri ili nimalize siku. Nimesoma mtandaoni habari za uvimbe kwenye ubongo na sasa nashindwa kuamua kama nisubiri au nikapimwe. Ni nini hasa kinachotenganisha ukope unaochezeshwa na uchovu na ukope unaoashiria jambo kubwa zaidi?

Subira_Tele

Pole sana. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, kisha kiweke juu ya jicho ulilofumba kwa dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Usiitumbue hata ikitunga usaha. Yangu ilipasuka na kupona yenyewe bila dawa.

Karani_wa_Usiku

Asante kwa moyo wako, lakini nadhani unazungumzia chokea. Mimi sina kipele wala uvimbe. Ni msuli tu unaocheza.

Bahari_Tulivu

Huo ni upungufu wa magnesi, wala usijisumbue kutafuta mbali. Misuli ikikosa magnesi hutetemeka, na kahawa huongeza mkojo, kwa hiyo unapoteza hata kile kidogo ulicho nacho. Nunua vidonge vya magnesi na utaona tofauti. Mimi nilivitumia, na baada ya muda ukope ukaacha kabisa.

Mpima_Macho

Nimefanya kazi katika kliniki ya macho kwa miaka mingi, na malalamiko haya hatukosi kuyapokea. Kabla sijasema lolote, dada au kaka Karani, naomba unijibu maswali machache, kwa sababu majibu yake yana uzito kuliko kipimo chochote utakachofanyiwa leo. Je, mtetemo ukija, jicho hujifumba lenyewe, hata nusu? Je, shavu au pembe ya mdomo ya upande uleule huvutika pamoja na ukope? Je, jicho la pili hushiriki? Je, ukope wa juu umeanza kulegea, hasa jioni, au unaona vitu viwili viwili? Na la mwisho: ni dawa gani unazomeza siku hizi, zikiwamo zile unazojinunulia za mafua na za kichwa?

Kuhusu magnesi, ndugu Bahari hajakosea kabisa, kwa maana upungufu wa kweli wa madini hayo unaweza kufanya misuli icheze. Lakini mtu mwenye upungufu wa kiasi hicho kwa kawaida hulalamikia mengine pia, kama kukakamaa kwa misuli ya miguu na mikono, kichefuchefu au udhaifu, na mara nyingi kuna sababu inayojulikana, mathalani kuharisha kwa muda mrefu, ulevi wa kupindukia au matumizi ya dawa fulani. Mtu mwenye afya njema ambaye anacheza ukope mmoja peke yake, ni mara chache upungufu huo ndio ulio chanzo. Aliyemeza vidonge akapona baada ya wiki kadhaa angeweza kupona kwa muda huohuo bila kuvimeza, kwa sababu hali yenyewe ina kawaida ya kwisha. Na kwa mwenye figo dhaifu vidonge hivyo si vya kuchezea.

Karani_wa_Usiku

Ni dada. Jicho halijifumbi hata kidogo. Mdomo na shavu vimetulia. Nimejitazama kwenye kioo leo kwa makusudi mtetemo ulipoanza, na kilichocheza ni ukope wa chini tu, tena sehemu ya nje karibu na sikio. Jicho la kulia halijawahi kuguswa. Ukope wa juu haujalegea na sioni viwili. Dawa ninazotumia ni vidonge vya maumivu ya kichwa: viwili, karibu kila alasiri ya siku za kazi, tangu kipindi hiki cha hesabu kianze. Nimesoma boksi lake sasa hivi baada ya swali lako, na kumbe kila kidonge kina parasetamoli pamoja na miligramu 65 za kafeini.

Mpima_Macho

Basi maelezo yako yanatosha kunipa picha, ingawa sijakuona kwa macho yangu na hilo lina mipaka yake.

Msuli unaozunguka jicho, ambao ndio unaotuwezesha kupepesa na kufumba, huamrishwa na neva ya saba, neva ya uso. Kinachotokea kwako ni kwamba nyuzi chache tu za msuli huo zinapokea amri ndogondogo ambazo hukuzitoa. Kwa kuwa ni nyuzi chache, hazina nguvu ya kufunga jicho. Ngozi inatambaa tu, na wewe unauhisi mtetemo kwa ukubwa ambao mtu wa pembeni hauoni. Upande mmoja, ukope mmoja, mara nyingi wa chini, unakuja na kuondoka, jicho halifumbi: hizo ndizo sifa za mtetemo usio na madhara. Uvimbe kwenye ubongo unaojitokeza kwa ukope wa chini kucheza peke yake, pasipo dalili nyingine yoyote, ni jambo la nadra sana.

Sasa tuje kwenye kahawa, kwa sababu hapo ndipo hesabu zako, mhasibu, hazijalingana. Kikombe cha kahawa ya kuchujwa huwa na miligramu 95 hivi za kafeini, na huweza kuzidi au kupungua kutegemea ukubwa wa kikombe na ukali wa kahawa. Vikombe vinne vinakaribia 380. Mamlaka ya chakula ya Ulaya na ile ya Marekani zote hutaja 400 kwa siku kuwa kiasi ambacho kwa kawaida hakimletei madhara mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo ukihesabu kahawa peke yake ungedhani bado uko salama. Ongeza vidonge viwili na umefika 510. Tena vidonge hivyo unavimeza alasiri, pamoja na kikombe cha mwisho.

Nusu ya kafeini hutoka mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa kikombe na vidonge viwili saa kumi alasiri, ifikapo saa tatu usiku bado una kiasi kinachozidi cha kikombe kizima cha chai damuni. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi huichelewesha zaidi, takriban mara mbili, na mjamzito huichelewesha zaidi ya hapo. Unalala vibaya, unaamka na kichwa kizito, unakunywa tena. Nisingependa kutia chumvi: uhusiano wa kafeini na ukope kucheza tunaujua zaidi kutokana na uzoefu wa kliniki kuliko majaribio makubwa, na wapo wanaokunywa zaidi yako bila kuona lolote. Ila kwa mtu aliye katika hali yako, usingizi mfupi na kafeini ni vitu viwili vinavyolishana, na sijui namna ya kukimaliza kimoja bila kukigusa kingine.

Hoja_Kinzani

Samahani, lakini maelezo haya ya kahawa yanarahisisha mambo. Mimi sinywi kahawa wala chai, sivuti sigara, sigusi pombe, nalala vizuri, na bado ukope wangu hucheza kila ninapokuwa na kazi nyingi za kompyuta. Pia nilisoma kijikaratasi cha hospitali kilichosema mtu amwone daktari baada ya wiki mbili. Dada huyu yuko wiki ya tatu, na wewe unamwambia apunguze kahawa?

Mpima_Macho

Swali zuri, na sehemu ya kwanza ina jibu ambalo wengi hulipita. Mtu akikazia macho skrini hupepesa mara chache zaidi, na mara nyingi kope hazikutani kikamilifu anapopepesa. Machozi hukauka juu ya jicho, jicho hukereka, na msuli uleule wa kupepesa hukerwa nalo. Dalili zake ni hisia ya mchanga, uoni unaofifia kisha kurudi ukipepesa, na cha kushangaza, machozi mengi yanayotiririka ukikaa kwenye upepo. Ukijitambua humo, ndugu Hoja, jaribu matone ya machozi bandia, na ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi. Usitumie matone ya kuondoa wekundu. Hayo hubana mishipa ya damu tu, na ukiyazoea wekundu hurudi kwa nguvu. Miwani yenye nguvu isiyofaa nayo huchosha macho, kwa hiyo ukipimwa si hasara.

Ama kuhusu wiki mbili, mimi sina ugomvi na kijikaratasi. Wiki mbili ni muda wa mtu kwenda kutazamwa, si muda wa kupigwa picha ya ubongo. Watu huvichanganya viwili hivi. Kutazamwa ni dakika kumi za mtu mwenye taa, anayekuambia ufumbe macho kwa nguvu, utabasamu, uinue nyusi, na anayeangalia kama uso una nguvu sawa pande zote mbili. Dada Karani, kama kuna mtu wa kukufanyia hivyo karibu nawe, nenda. Baadhi ya wenzangu husubiri hadi miezi mitatu kabla ya kutafuta zaidi ikiwa hakuna dalili nyingine. Wengine hawana subira hiyo. Hatujakubaliana kuhusu tarehe. Tunachokubaliana ni dalili zinazofuta kalenda yote.

Fundi_Saa

Naomba mniruhusu niingie hapa, kwa sababu nimekuwa nikisoma tangu mwanzo nikidhani mnanizungumzia mimi. Yangu ilianza vilevile, ukope wa chini, jicho la kulia, nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Nikapunguza kazi. Imepita zaidi ya mwaka. Sasa jicho linajifumba lenyewe kwa kishindo, na pembe ya mdomo ya upande huohuo inavutwa juu pamoja nalo. Mke wangu anasema inaendelea hata nikiwa usingizini. Katika ufundi wangu huvaa lenzi ya kukuzia kwenye jicho hilohilo, na siku hizi hudondoka. Basi nami nipunguze chai?

Mpima_Macho

Hapana, Fundi. Pole kwa kuzungushwa, lakini hali yako na ya dada Karani zimeanzia mahali pamoja na kufika mahali tofauti, na chai haina kesi hapa.

Naomba ufanye jambo moja. Simama mbele ya kioo chenye mwanga na usubiri jicho lijifumbe. Usitazame jicho, tazama nyusi ya upande huo. Mtu akifumba jicho kwa hiari, nyusi hushuka. Katika mikazo ya nusu uso, nyusi hupanda huku jicho likifumba, kwa kuwa neva moja inaamrisha misuli yote miwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo huwezi kuliiga kwa makusudi. Na kuendelea usingizini, kama anavyosema shemeji, ni alama nyingine ambayo mtetemo wa uchovu kwa kawaida hauna.

Fundi_Saa

Nyusi inapanda. Nimerudia kuangalia, na mke wangu ameangalia. Nimejaribu kufanya hivyo kwa hiari yangu nikashindwa.

Mpima_Macho

Basi rekodi video kwa simu, uso mzima, mwanga wa kutosha, dakika moja au mbili bila kuzungumza, kisha utabasamu na kufumba macho kwa nguvu. Nenda nayo kwa daktari wa mfumo wa neva. Mara nyingi mgonjwa akiingia chumbani uso hutulia, daktari haoni kitu, na mtu anarudishwa nyumbani na ushauri wa kupumzika.

Chanzo cha kawaida ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva ya uso pale inapotoka kwenye shina la ubongo. Mara chache ni kitu kingine kinachobana mahali hapohapo, na kwa sababu hiyo kwako kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku kali, kina maana, wakati kwa dada Karani sasa hivi hakina. Matibabu yanayotumika zaidi ni sindano za botoksi kwenye misuli ya uso, ambazo hupunguza mikazo kwa miezi mitatu hivi kisha hurudiwa. Ukope unaweza kulegea kwa muda baada ya sindano. Upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva upo na huweza kumaliza tatizo, lakini neva ya kusikia iko jirani kabisa, na kupoteza usikivu wa sikio hilo ni hatari inayopaswa kutajwa mezani.

Bahari_Tulivu

Na je, wanaofumba macho yote mawili? Mama yangu mdogo amefika miaka 60, na akitoka nje kwenye mwanga mkali macho yake hujifumba yote mpaka anasimama njiani. Alianza kwa kupepesa sana. Tulimpa magnesi pia.

Mpima_Macho

Huyo ni wa aina ya tatu, mikazo ya kope za macho yote mawili. Macho yote mawili, kupepesa kunakoongezeka, mwanga unaozidisha, umri huo, na wanawake zaidi kuliko wanaume: apelekwe kwa daktari wa macho, aanze kwa kuchunguzwa ukavu wa macho na kuvimba kwa kingo za kope, maana hayo huweza kufanana nayo. Ikithibitika, naye hutibiwa kwa botoksi. Asivuke barabara peke yake kwa sasa.

Kwa wote wanaosoma: anayeona ukope umelegea, anaona viwili viwili, upande mmoja wa uso umeishiwa nguvu, au jicho ni jekundu, linauma na uoni umepungua, asihesabu wiki. Aende siku hiyo. Na kama ulegevu wa uso umeanza ghafla pamoja na mkono kukosa nguvu au maneno kutotoka vizuri, hiyo ni dharura ya kiharusi.

Karani_wa_Usiku

Sasa mimi nianzie wapi? Niache kahawa yote kesho?

Mpima_Macho

Usiache ghafla. Mtu aliyezoea kiasi chako akiacha kwa siku moja hupatwa na maumivu ya kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na yanaweza kudumu hata siku tisa. Atakimbilia vidonge vyake, na vidonge vyake vina kafeini.

Ondoa vidonge hivyo kwanza. Kichwa kikiuma, tumia parasetamoli tupu kwa kipimo kilichoandikwa. Kuna sababu ya pili: dawa za maumivu zilizochanganywa, zikitumika siku kumi au zaidi katika mwezi kwa miezi mfululizo, zinaweza zenyewe kuzalisha maumivu ya kichwa, nawe unaelekea huko. Baada ya siku chache, futa kikombe cha alasiri. Kisha kile cha baada ya chakula cha mchana. Viwili vya asubuhi unaweza kubaki navyo. Katika usingizi sikuambii ulale kwa muda wa saa nane wakati hesabu hazijafungwa. Ongeza saa moja tu, na uifanye kila siku.

Karani_wa_Usiku

Narudi kutoa taarifa. Siku za kwanza bila vidonge kichwa kiliniuma sana, kikatulia baadaye. Kikombe cha alasiri nimekiacha. Nilitazamwa kliniki, uso una nguvu sawa pande zote, macho ni makavu kiasi, nikapewa machozi bandia. Mtetemo umepungua sana, lakini haujaisha: nikichelewa kulala, kesho yake jioni unarudi kwa muda mfupi. Sijui ni kahawa iliyofanya kazi, usingizi, au matone, kwa sababu nilibadilisha vyote karibu kwa wakati mmoja.

Hoja_Kinzani

Au ulikuwa unaelekea kwisha wenyewe.

Mpima_Macho

Inawezekana, na hapa hakuna atakayeweza kutofautisha. Dada, kurudi kwa siku moja baada ya usiku mfupi si sababu ya kuanza kuhesabu upya kwa hofu. Kinachotakiwa kukurudisha kliniki ni kuona kitu kingine kikishiriki: shavu, mdomo, au jicho kujifumba.

Fundi_Saa

Daktari alitazama video na kukubaliana na habari ya nyusi. Nimepangiwa MRI ya kichwa. Kuna cha kuuliza kabla ya siku hiyo?

Mpima_Macho

Ndiyo, moja. Picha ya kawaida ya ubongo mzima hukatwa vipande vinene, na mshipa mwembamba unaogusa neva unaweza kupita katikati usionekane, ukapewa jibu kwamba kila kitu ni sawa. Muulize daktari kama ameandika kwenye fomu kwamba anatafuta mgandamizo wa neva ya uso upande wa kulia, ili wapiga picha wachukue vipande vyembamba eneo hilo. Mweleze pia kama una kifaa chochote cha chuma mwilini, na kwa kuwa wewe ni fundi wa saa, mwambie kama kipande cha chuma kimewahi kukuruka jichoni.

Fundi_Saa

Kimewahi. Zamani, jicho la kushoto. Sikujua kama lina uhusiano. Nitampigia kesho asubuhi.